Hisa zikipishana: tarehe au ukomo?

Tuseme mwekezaji wa Dar es Salaam ana shilingi milioni 10, robo katika kila hisa: CRDB, NMB, TBL na Twiga. CRDB ikipanda asilimia 40 na nyingine zikatulia, fungu lake linafika karibu asilimia 32.

Anayefuata kalenda husubiri Desemba. Aliyejiwekea ukomo wa asilimia 20 hadi 30 huuza mara moja hisa za shilingi 750,000 na kugawia zilizobaki nyuma.

Kalenda ina udhaifu mwingine: fungu likiwa asilimia 26 tu, bado humlipisha kamisheni ya dalali, kuuza na kununua.

Lakini ukomo mwembamba haufai soko hili. TBL huweza kukosa wauzaji kwa siku kadhaa, na hakuna mikataba ya opsheni ya kujikinga wakati oda ikingoja.