Miguu Kuwaka Moto Ukipanda Kilima: Misuli Inavyopata Nguvu

Leo nataka nijibu swali ambalo akina mama huniuliza mara kwa mara kliniki. Mama husema, "Sista, mimi natembea mpaka sokoni na kurudi bila shida. Lakini nikipanda kile kilima na mtungi wa maji wa lita 20, miguu inawaka moto na pumzi inakatika. Je, ni ugonjwa?"

Mara nyingi si ugonjwa. Ni kwamba misuli yake imebadilisha njia ya kupata nguvu, na hiyo njia ya pili haijazoeshwa.

Umewahi kumchinja kuku wa kienyeji ukatazama nyama yake vizuri? Paja ni jekundu, kidari ni cheupe. Kuku hutembea kutwa nzima akichakura, kwa hiyo misuli ya mguu wake imejengwa kwa kazi ndefu: ina damu nyingi na huhifadhi oksijeni. Kidari ni cha kupigia mabawa, na kuku wa nyumbani huruka kwa sekunde chache tu akimkimbia mwewe, kisha anatua amechoka. Sisi binadamu tuna aina zote mbili za nyuzi, ila kwetu zimechanganyika ndani ya msuli mmoja.

Sasa tufuate kinachotokea ukianza kupanda. Misuli huwa na akiba ndogo ya nguvu iliyo tayari, kama makaa ambayo yameshashika moto. Akiba hii ndiyo unayotumia unapomnyakua mtoto asikimbilie barabarani. Haifiki mbali, kwa sababu ukitumia nguvu zote huisha kwa muda wa sekunde 10 hivi.

Baada ya hapo misuli huvunja sukari iliyohifadhiwa ndani yake. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka, haihitaji oksijeni, na wataalamu huita mazoezi yanayoitegemea anerobiki. Ubaya wake ni kwamba inapoteza sana. Chembe moja ya sukari hutoa mafungu 2 tu ya nguvu, na inaacha asidi inayofanya mapaja yawake moto. Njia ya pili hutumia oksijeni unayovuta, nayo ni erobiki. Chembe ile ile ya sukari hutoa mafungu kama 30, na tena njia hii inaweza kuchoma mafuta ya mwilini. Lakini haina haraka. Moyo na mapafu huhitaji dakika moja au mbili kufikisha oksijeni ya kutosha.

Njia hizi mbili hazipokezani kama zamu za askari. Zote hufanya kazi wakati mmoja, na kinachobadilika ni ipi inabeba mzigo mkubwa. Ukitembea kwenda sokoni, oksijeni inatosha. Ukipanda kilima na mtungi, na pengine mtoto mgongoni, mahitaji hupita kile ambacho mapafu na moyo vinaweza kuleta, kwa hiyo njia ya haraka huziba pengo. Ukifika juu unahema hata baada ya kutua mzigo, kwa maana mwili unaendelea kurudisha akiba uliyoitumia.

Hapa nirekebishe jambo moja. Watu husema maumivu ya miguu ya kesho yake ni asidi iliyobaki. Sivyo. Asidi ile huondoka kwa muda wa saa moja hivi, na moyo wenyewe hutumia mabaki ya ile sukari kama chakula chake. Maumivu ya siku ya pili hutokana na michubuko midogo ndani ya nyuzi za misuli, na kuteremka ndiko huileta zaidi kuliko kupanda.

Tumtazame mzazi mwenzetu, Faith Kipyegon, aliyelelewa Keringet, katika kaunti yetu hii ya Nakuru. Alijifungua mwaka wa 2018, akarudi uwanjani, na tarehe 5 Julai 2025 huko Eugene, Marekani, akakimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68. Hiyo ni kama sekunde 61 kwa kila mzunguko wa mita 400. Ungedhani mbio za kasi hiyo ni za anerobiki tupu, lakini katika mita 1,500 zaidi ya robo tatu ya nguvu hutoka kwenye oksijeni. Njia ya haraka huamua mzunguko wa mwisho. Ndiyo sababu wakimbiaji wetu hutumia siku nyingi wakikimbia polepole huku wakipiga soga, na siku chache tu wakikimbia kwa kasi.

Nawe fanya vivyo hivyo kwa kiasi chako. Tuseme wewe ndiye yule mama wa mtungi. Kwa wiki 4 za kwanza achana na kilima. Tembea upesi dakika 30, siku 5 kwa wiki, kwa njia za ndani, wala si kando ya barabara kuu ambako malori yanateremka. Kipimo chako ni mdomo: uweze kuzungumza sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuzungumza, punguza. Kwa mwendo huu moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, na mishipa midogo huongezeka ndani ya misuli.

Kuanzia wiki ya 5, chagua siku moja ya kilima, bila mzigo. Baada ya kutembea dakika 10 za kupasha mwili joto, panda kwa nguvu sekunde 20 hadi 30, mpaka huwezi kusema zaidi ya neno moja au mawili. Rudi chini polepole, pumzika dakika 2 au 3, kisha rudia. Mara 4 zatosha mwanzoni, na baadaye ufike 6. Usifupishe mapumziko, kwa sababu bila hayo mara ya tatu itakuwa ya kujikokota na hutakuwa umezoesha ile njia ya haraka. Siku inayofuata tembea taratibu.

Kosa ninaloliona sana ni mama kujikaza kila siku, si polepole si kasi, akihema katikati. Baada ya wiki 2 miguu ni mizito, usingizi ni mbaya, anaacha.

Lakini tusidanganyane. Ukihema kwa kutembea tu mahali tambarare, moyo ukidunda, viganja na ndani ya kope vikiwa vyeupe, au ukitamani kula udongo, hilo si suala la mazoezi. Damu ndiyo inayobeba oksijeni, na huenda imepungua. Njoo tupime damu kwanza. Maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama hapo hapo na utafute matibabu.

Mjamzito asiye na matatizo anaweza kutembea, ila kilima cha kasi kwa aliye mgeni wa mazoezi kingoje. Aliyejifungua aanze kwa kutembea taratibu, na asiguse mazoezi ya kasi kabla ya kupimwa kliniki wiki ya 6. Aliyepasuliwa angoje zaidi. Na mkojo ukikuponyoka unapopanda au kukohoa, usione haya kuniambia, kwa maana kuna mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga ambayo hutangulia kilima.