Katuni isiyofuta alama ya mtoto

Mzazi anapogeuza picha ya mwanawe kuwa katuni ya kadi ya siku ya kuzaliwa, namba moja huamua kama mtoto atajitambua. Katika programu ya Stable Diffusion inaitwa Denoising strength, nayo huanzia 0 hadi 1.

Programu huifunika picha kwa chengachenga, kama zile za televisheni iliyokosa mawimbi, kisha huzisafisha ikifuata maneno uliyoandika. Ukiweka 0.2 chengachenga ni chache, picha hubaki karibu ileile. Ukiweka 0.9 karibu kila kitu kimefunikwa, hivyo programu inabuni.

Chukua mtoto mwenye alama ya kuzaliwa shavuni na pengo la jino. Kwenye 0.3 vyote vipo, ila katuni bado haijatokea. Kwenye 0.75 rangi zinapendeza, lakini shavu huenda likatoka safi na meno yamejaa, kwa sababu vitu vidogo ndivyo hufutika kwanza. Mtoto akiuliza kwa nini alama yake imeondolewa, hilo ni swali zito kuliko kadi yenyewe. Anza na 0.45, panda kidogo kidogo, ukitazama shavu na meno, si rangi.

Baadhi ya programu hugeuza kipimo: namba kubwa ndiyo hufuata picha zaidi. Jaribu kwanza ncha zote mbili. Na kama unachotaka kubadilisha ni mandhari tu, tumia Inpaint, upake sehemu ya nyuma peke yake. Uso utabaki ulivyo.