Namba ya Damu na Tone Lililoitoa

Zahanati nyingi za vijijini Tanzania hazina mashine kubwa ya kuchambua damu. Zina chumba cha kliniki ya wajawazito chenye mizani, kipima presha na kadi zilizopangwa mezani, na pembeni yake kifaa kidogo kinachoshikika kwa mkono mmoja. Mkunga hutoboa kidole, hunyonyesha damu kwenye kibao chembamba cha plastiki, hukisukuma ndani ya kifaa, na kabla dakika haijaisha namba inatokea: 9.6, au 11.2. Namba hiyo huandikwa kwenye kadi, na kuanzia hapo ndiyo inayoamua mama apewe vidonge vingapi, arudi lini, au apelekwe hospitali ya wilaya leo hii.

Kifaa kinachojulikana zaidi katika kazi hii ni HemoCue, kilichotokea Sweden katika miaka ya 1980. Wataalamu wa takwimu nao hukitumia: Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa 2015-16 ulipima damu za kina mama na watoto nyumba kwa nyumba kwa kifaa cha aina hii.

Kinachopimwa ni hemoglobini, ile protini yenye madini ya chuma inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Kibao cha plastiki, ambacho mafundi wa maabara hukiita kyuveti, kina nafasi nyembamba inayovuta damu yenyewe, takriban maikrolita 10 tu. Katika toleo la zamani, HemoCue 201, ndani ya nafasi hiyo kuna dawa kavu. Dawa hiyo hupasua chembe nyekundu, hemoglobini ikatoka nje, kisha huigeuza kuwa na rangi moja iliyo thabiti. Mwanga hupitishwa hapo. Ni kama chai ya rangi kwenye glasi: ikikolea, mwanga hupita kwa shida. Kifaa hupima mwanga uliozuiwa kwenye urefu wa wimbi wa nanometa 570, kisha hupima tena kwenye nanometa 880 ili kuondoa athari ya ukungu, kwa mfano mafuta mengi kwenye damu. Toleo la HemoCue 301 halina dawa kabisa. Husoma rangi ya damu kama ilivyo, na kwa sababu hiyo huvumilia joto na unyevu zaidi.

Unyevu si jambo dogo. Kopo la kyuveti zenye dawa lililoachwa wazi juu ya meza huko Kilwa au Rufiji huvuta maji ya hewani, dawa ikaharibika, na jibu likapotoka bila kifaa kutoa onyo lolote. Ndiyo maana kopo hufungwa mara tu kyuveti moja inapotolewa, na tarehe ya kulifungua huandikwa ubavuni, kwa kuwa likishafunguliwa lina miezi mitatu tu.

Hata hivyo, ukiwauliza waliozoea kazi hii kosa liko wapi, wachache watataja mashine. Watataja kidole.

Damu ya kidole inatoka kwenye mishipa midogo sana, na haifanani tone kwa tone. Mwaka 2015 Meaghan Bond na Rebecca Richards-Kortum wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walichapisha utafiti uliopima matone yaliyofuatana kutoka kidole kimoja. Hemoglobini ilipanda na kushuka kati ya tone na tone kwa kiasi kikubwa kuliko ilivyo kwa damu ya mshipa. Ili wastani wa matone ya kidole uwe na uhakika sawa na wa damu ya mshipa, yalihitajika matone sita hadi tisa. Zahanati hupima moja.

Juu ya tofauti hiyo ya asili, mikono yetu huongeza yake. Spiriti isiyokauka huchanganyika na damu na kuipunguza makali. Kidole kikiwa baridi au kikichomwa kwa woga, damu haitoki, na mpimaji huanza kukikamua kwa nguvu. Kinachotoka hapo ni damu iliyochanganyika na majimaji ya nyama za kidole, na namba hushuka. Kiputo cha hewa kikibaki katikati ya kyuveti, mwanga hupita mahali pasipo na damu. Upande wa pili, damu iliyobaki nje ya kyuveti huongeza rangi ambayo haistahili kuhesabiwa, na namba hupanda. Kuifuta nako kuna namna yake: pamba au kitambaa kikigusa mdomo wa kyuveti hunyonya damu ya ndani pia. Na kyuveti ambayo haikujaa kwa mvuto mmoja haiongezwi tone la pili. Hutupwa, ikachukuliwa nyingine.

Namna sahihi haina siri. Mama hukaa, mkono ukiwa umepata joto na umening'inia chini ya usawa wa moyo. Hutumika kidole cha kati au cha pete, kikatobolewa pembeni kidogo ya ncha, kwa kina cha kutosha ili damu itoke yenyewe. Matone mawili ya kwanza hufutwa kwa pamba kavu. La tatu, likiwa kubwa na la mviringo, ndilo hugusishwa kyuveti. Mpimaji mwenye haraka huruka hatua ya kufuta matone, na kliniki ya Jumatatu yenye foleni hadi nje ya mlango haikosi haraka.

Makosa haya yana uzito gani? Chukua mfano wa mama mjamzito wa wiki 22 anayepimwa na kuandikiwa gramu 9.6 kwa desilita. Anapewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, na kuambiwa arudi baada ya wiki nne. Akirudi, kifaa kinasoma 9.1.

Muuguzi anaitazama kadi, kisha anamtazama mama. "Mama, vidonge unameza kweli?"

"Nameza, nesi. Kila siku usiku. Hata choo kimekuwa cheusi."

Jibu hilo la mwisho lina thamani. Choo cheusi ni dalili ya kawaida ya mtu anayemeza madini ya chuma, na mama hakulazimika kulitunga. Muuguzi makini hasemi zaidi. Anaosha mkono wa pili wa mama kwa maji ya vuguvugu, anausubiri ukauke, anatoboa upya bila kukamua. Safari hii inasoma 10.0. Matokeo mawili, mtu yule yule, dakika kumi, tofauti ya karibu gramu nzima.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Matibabu ya vidonge yakifanya kazi, hemoglobini hutarajiwa kupanda kwa takriban gramu moja kwa desilita ndani ya wiki nne. Kosa la tone moja la kidole laweza kuwa kubwa kama faida yote ya mwezi mzima wa dawa. Mama aliyepona anaweza kuonekana ameshuka, na mwingine asiyepata nafuu akaonekana amepanda.

Muuguzi wetu ana njia ya kati ambayo hutumiwa mara chache kuliko inavyostahili. Anachota damu ya mshipa mkononi, anaiweka kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau iliyo na dawa ya kuzuia kuganda, anaigeuza juu-chini taratibu mara nane hadi kumi, kisha anachovya kyuveti kwenye damu hiyo na kuipima kwa kifaa kile kile. Inasoma 10.4. Chupa hiyo hiyo inapelekwa kituo cha afya chenye mashine ya kuchambua damu, na jibu linarudi 10.5. Kifaa kidogo hakikuwa na tatizo.

Mashine ya maabara ilisema zaidi ya hapo. Ilionyesha pia ukubwa wa chembe nyekundu. Chembe ndogo zenye rangi hafifu huelekeza kwenye ukosefu wa madini ya chuma, ingawa magonjwa ya kurithi kama thalasemia huweza kutoa sura hiyo hiyo; chembe kubwa huelekeza kwenye upungufu wa foliki asidi au vitamini B12. Kifaa cha zahanati hakiwezi kusema hayo. Kinasema damu ni pungufu, basi.

Kwa nini 10.5 ni muhimu? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2024 unaweka mpaka wa upungufu wa damu kwa mjamzito kuwa chini ya gramu 11 katika miezi mitatu ya kwanza na ya mwisho, na chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya kati. Chini ya 7 ni upungufu mkali. Mwongozo huo huo unapendelea damu ya mshipa na mashine ya maabara pale vinapopatikana. Mama wa wiki 26 mwenye 10.5 yuko juu ya mstari. Mwenye 9.1 yuko chini kabisa ya mstari huo, na huenda angeanza kutafutiwa sababu ya dawa kushindwa.

Wakazi wa nyanda za juu wana hesabu ya ziada. Mahali penye hewa nyepesi mwili huongeza hemoglobini, kwa hiyo kwa anayeishi kati ya mita 2,000 na 2,499, kama ilivyo katika baadhi ya vijiji vya Makete, gramu 1.4 hupunguzwa kwenye matokeo kabla ya kuyalinganisha na mpaka. Mjamzito wa huko mwenye 11.8 katika miezi ya mwisho anabaki na 10.4, na tayari ana upungufu.

Basi ni lini maabara inahitajika? Inahitajika namba inapokuwa karibu na mpaka unaobadilisha uamuzi, vipimo viwili vinapotofautiana kwa gramu moja, na dawa inapoonekana haifanyi kazi. Inahitajika pia namba isipolingana na mtu: viganja na kope za ndani ni nyeupe, mama anahema akipanda ngazi mbili, na kifaa kinasoma 11.5. Hapo ni mtu anayeaminiwa kwanza, namba baadaye.

Lakini uthibitisho haupaswi kumchelewesha mtu. Mjamzito mwenye 6.2 anayehema hasubiri chupa iende na kurudi. Anapewa rufaa, na damu yake inathibitishwa huko huko anakofika. Na aliyetoka kuvuja damu nyingi wakati wa kujifungua anaweza kusoma 11 na bado akawa hatarini. Kinachobaki mishipani saa za mwanzo ni kidogo, ila bado kimekolea vile vile. Namba hushuka baadaye, maji ya mwili yanapoingia kujaza pengo. Hapo mapigo ya moyo na presha ndivyo vya kutazama.

Kadi ya kliniki ina nafasi ndogo, lakini herufi moja inatosha: K kwa kidole, M kwa mshipa, kando ya namba. Mama anayerudi mwezi ujao apimwe kwa njia ile ile, na kama njia imebadilika, anayelinganisha namba mbili ajue hivyo kabla ya kubadilisha dawa. Mjamzito anayesoma haya anaweza kuomba mwenyewe: nesi, niandikie hapa umetoa damu wapi.