Dawa ya Moyo Inapoivuruga Tezi ya Shingo

Amiodaroni hutuliza moyo unaodunda ovyo, lakini kidonge kimoja cha miligramu 200 hubeba takriban miligramu 75 za madini joto. Kila siku mwili huachilia kutoka humo kama miligramu 6, wakati mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu. Hiyo ni mara 40.

Tezi nzima ikifurikiwa hivyo, husitisha utengenezaji wa homoni kwa siku chache, kisha huendelea na kazi. Tezi dhaifu hushindwa kuendelea. Mgonjwa huanza kuhisi baridi, uchovu na choo kigumu, na kipimo cha TSH hupanda. Hapa moyo hauhitaji kunyimwa dawa yake, huongezwa levothairoksini.

Hatari zaidi ni kinyume chake. Mchukulie mama mwenye rovu la vinundu: anakonda, mikono inatetemeka, na mapigo yaliyokuwa yametulia yanavurugika tena. Huenda vinundu vimeyageuza madini hayo kuwa homoni nyingi mno. Hapo hupewa kabimazoli. Lakini pengine dawa yenyewe imeziumiza seli za tezi, na homoni iliyohifadhiwa inavuja. Kabimazoli haizuii uvujaji. Prednisoloni ndiyo husaidia. Kutofautisha hali hizi mbili si rahisi hata kwa bingwa.

Kuacha vidonge ghafla hakuokoi, kwani dawa hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miezi. Anayeitumia aombe kupimwa TSH kabla ya kuanza, kisha kila miezi 6.