Ada Isipolipwa, Kinga Hakuna

Kampuni ya bima jijini Nairobi inapomwandikia dalali barua ya kumkumbusha masharti ya malipo, kwa kawaida inasisitiza mambo mawili. La kwanza, ada za wateja wake ziwasilishwe ndani ya muda waliokubaliana, tuseme siku 30 tangu bima ilipoanza. La pili, ada isipofika, hakuna kinga, na ajali ikitokea hakuna fidia. Barua hiyo humfikia dalali, lakini anayeweza kuumia ni mteja ambaye hata haioni.

Msingi wake ni sheria. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima ya Kenya kinaikataza kampuni kubeba hatari kabla ada haijapokelewa, au malipo yake hayajadhaminiwa kwa njia iliyowekwa. Nigeria ni wakali zaidi: sheria yao ya mwaka 2003 ilisema kupokewa kwa ada ni sharti la mkataba wenyewe kuwa halali.

Chukua mfano wa mwenye duka la vitambaa aliyekata bima ya moto ya shilingi milioni 4 kuanzia Machi 1, kwa ada ya shilingi 12,000. Dalali amemletea hati ya bima pamoja na ankara, naye akaziweka kabatini akiamini mambo yamekwisha. Siku 30 zinaisha Machi 31 bila malipo, na kampuni inasitisha kinga. Aprili 9 duka linaungua. Kesho yake mteja anakimbilia kulipa, lakini kampuni inamrudishia pesa zake, kwa kuwa malipo ya leo hayawezi kukinga moto wa jana.

Kesi huwa ngumu zaidi mteja anapokuwa amelipa kwa wakati, ila dalali akazikalia pesa. Hapo kampuni husema haijapokea kitu, mteja naye anaonyesha risiti ya dalali. Swali linakuwa je, dalali alizipokea pesa kwa niaba ya nani? Jibu hutegemea sheria na makubaliano ya kampuni na dalali, na mzozo kama huo unaweza kufika mahakamani huku duka likiwa limebaki majivu.

Kwa hiyo, ewe mwenye bima, usitosheke na hati wala ankara. Ankara inaonyesha unachodaiwa. Inayothibitisha kwamba umelipa ni risiti. Ikiwezekana, lipa moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni yenyewe, ukiandika namba ya bima yako. Ukilipa kupitia kwa dalali, mdai risiti ya kampuni, kisha ipigie simu kampuni uhakikishe ada imeingia. Ukilipa kwa hundi, subiri ipite benki, kwani hundi ikirudi ni sawa na kutolipa. Yote hayo yafanye kabla siku ulizopewa hazijaisha.