Buluu inayopotea kati ya Dodoma na Dar es Salaam

Watoto wengi wa pwani hukua wakiambiwa kwamba anga ni la buluu kwa sababu linaakisi bahari. Maelezo hayo hayafiki mbali. Dodoma iko zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, na anga lake mchana wa kiangazi ni la buluu tupu. Rangi hiyo inatoka kwenye hewa yenyewe, na hewa hiyohiyo ndiyo inayolifanya jua liwe jekundu linapochomoza na linapozama. Ni kazi moja tu inayofanyika. Kinachobadilika ni mahali ulipo wewe unayetazama.

Nuru nyeupe ya jua ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua, na kila rangi ina wimbi la urefu wake. Wimbi la buluu lina urefu wa nanomita 450 hivi, na la nyekundu 650, ambapo nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Molekuli za nitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo karibu hewa yote tunayovuta, ni ndogo kuliko mawimbi hayo kwa zaidi ya mara elfu moja. Nuru ikipita, huzitikisa elektroni zilizo ndani ya molekuli, nazo zikitikisika hurusha nuru ya rangi ileile kuelekea pande zote. Huo ndio mtawanyiko wa nuru.

Wimbi fupi hutikisa haraka zaidi, na elektroni zinazotikisika haraka hurusha nuru nyingi zaidi. Ongezeko lake si dogo: urefu wa wimbi ukipungua kwa nusu, nuru inayotawanywa huongezeka mara 16. Kwa hesabu hiyo, hewa hutawanya buluu zaidi ya mara nne kuliko inavyotawanya nyekundu. Kanuni hii iliandikwa mwaka 1871 na Mwingereza John William Strutt, ambaye baadaye alirithi cheo cha Lodi Rayleigh. Wakati huo wengi walidhani kazi hiyo hufanywa na vumbi au matone madogo yaliyo angani. Mwaka 1899 Rayleigh alionyesha kwamba molekuli za hewa peke yake zinatosha.

Msomaji makini atauliza kwa nini anga si la urujuani, kwa kuwa wimbi la urujuani ni fupi kuliko la buluu. Ni kweli urujuani hutawanywa zaidi, lakini jua hutoa nuru hiyo kwa kiasi kidogo kuliko buluu, na macho yetu huiona kwa shida. Mchanganyiko unaotufikia, ubongo huusoma kuwa buluu.

Sasa tuchukue jioni moja ya mwishoni mwa Agosti jijini Dar es Salaam. Siku hizo jua huzama kaskazini kidogo ya magharibi, karibu na uelekeo wa Dodoma. Adhuhuri ya siku hiyo jua lilikuwa juu, na nuru yake ilipenya hewa kwa njia fupi. Jua likiwa utosini na hewa ikiwa safi, buluu hupungua kwa sehemu moja hivi ya tano, na nyekundu kwa sehemu moja ya 20. Hasara hiyo ni ndogo, ndiyo maana jua la adhuhuri hubaki jeupe.

Jua linapogusa upeo, nuru yake huja kwa mlalo, na dunia ni mviringo. Mwali unaoingia jichoni mwa mtu wa Dar es Salaam ulipita kaskazini ya Morogoro ukiwa kwenye kimo cha kilomita mbili na nusu hivi, na kabla ya hapo ulipita juu ya eneo la Dodoma kwenye kimo cha kilomita 12 hivi, wanakoruka ndege za masafa marefu. Kutoka hapo umekuwa ukiteremka polepole ndani ya hewa inayozidi kuwa nzito. Kwa jumla mwali huo hukutana na hewa mara 38 hivi ya ile ambayo ungekutana nayo kama jua lingekuwa utosini.

Hasara ile ndogo ya adhuhuri sasa inarudiwa mara 38, kila mara ikikata kwenye kilichosalia. Katika sehemu 10,000 za nuru ya buluu zilizoanza safari, zinafika mbili au tatu. Katika sehemu 10,000 za nyekundu, zinafika kama 1,500. Jua limepungua mwanga kwa kiasi kikubwa, na kilichobaki ndani yake ni nyekundu na chungwa. Buluu iliyokosekana haikuharibika, ilitawanywa njiani. Aliyeko Dodoma saa hiyo bado ana jua juu kidogo ya upeo, na akitazama mashariki sehemu ya ule ubuluu anaouona ndiyo nuru iliyotolewa kwenye mwali unaoelekea Dar es Salaam. Kwangu mimi hii ndiyo habari nzuri kuliko zote katika somo hili: wekundu wa machweo ya mmoja na ubuluu wa anga la mwingine ni nuru moja iliyogawanywa.

Unaweza kuyaona yote mawili mezani. Jaza maji kwenye glasi ndefu, zima taa, mulika kwa tochi kutoka chini ya glasi, kisha tia maziwa tone moja moja huku ukikoroga. Ukitazama ubavuni, maji yanaelekea kwenye buluu hafifu. Ukitazama kwa juu, mwanga unaokujia umekuwa wa manjano, na matone yakiongezeka unakaribia chungwa. Ukizidisha maziwa jaribio linaharibika, kila kitu kinakuwa cheupe, kwa sababu nuru sasa inarushwa kutoka chembe hadi chembe mara nyingi mno na rangi zote zinachanganyika upya.

Weupe wa mawingu una sababu ya jirani na hiyo. Matone ya wingu ni makubwa kuliko mawimbi ya nuru, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Vumbi kubwa na chumvi ya baharini hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana anga huwa jeupejeupe karibu na upeo wa bahari. Moshi wa mashamba na mapori yanayochomwa wakati wa kiangazi nao huchafua hesabu yetu ya hewa safi. Dalili yake ni rahisi: jua linageuka duara jekundu lililofifia likiwa bado juu, anga linalolizunguka ni la kijivu au kahawia, na pengine jua linapotea kabla ya kufika kwenye upeo. Jioni yenye hewa safi, hasa baada ya mvua, rangi hung'aa, na mawingu ya juu humulikwa kwa chini. Hata hivyo, usilikodolee jua macho, hata likiwa limefifia.

Kanuni ya Rayleigh ina mpaka wake. Jua likishazama, tazama utosini: anga ni la buluu iliyokolea. Kwa mtawanyiko peke yake lingepaswa kuwa la kijivu lenye umanjano, kwa kuwa nuru inayofika huko imeshapoteza buluu yake nyingi njiani. Mwaka 1953 Mmarekani Edward Hulburt alionyesha kwamba buluu hiyo ni kazi ya ozoni. Gesi hiyo iliyo juu sana, hasa kati ya kilomita 15 na 35, hunyonya nuru ya chungwa na manjano, na mwali wa mlalo huipitia kwa umbali mrefu. Kwa hesabu zake, jua linapozama theluthi mbili ya ubuluu wa utosini hutokana na ozoni.