KIPIMO CHA KAZI (2): Kiongozi apendwaye na kazi inayochelewa

Wiki iliyopita tulieleza namna ya kuweka malengo ya mwaka yanayopimika. Leo tunaingia kwenye tathmini inayowasumbua wakuu wa karakana wengi huku Geita, Kahama na Shinyanga: kumpima kiongozi wa kikosi ambaye mafundi wake wanampenda kwa dhati, lakini kazi zake mara kwa mara hazitoki kwa tarehe iliyoahidiwa.

Tuchukue mfano. Ni karakana ya mkandarasi anayehudumia malori ya kubebea mawe mgodini. Kiongozi wa kikosi tumwite Ngosha, kama wenyeji wanavyomwita mwanamume yeyote. Hapa simaanishi mtu fulani. Ana mafundi wanane. Hakuna aliyeomba kuhamishwa kutoka kwake, na fundi akiharibu kitu humweleza siku hiyohiyo bila woga. Lakini katika miezi sita, kati ya huduma 24 zilizopangwa, 10 zilichelewa.

Kwanza tuone kuchelewa huko kunagharimu nini. Huduma ya kawaida ya mitambo mikubwa, yaani kubadilisha oili na filta, hupangwa kwa saa za injini, kwa kawaida kila saa 250. Lori linalofanya kazi saa 20 kwa siku humaliza saa hizo katika siku 12 na nusu. Likicheleweshwa siku tatu huku likiendelea kubeba mawe, limetembea saa 60 juu ya oili iliyokwisha muda wake. Likisimamishwa kusubiri, safari za siku tatu zimepotea. Kwa hiyo mkuu wa karakana hawezi kusema, "Ni mtu mzuri, tuyaache."

Tatizo la kwanza liko kwenye fomu yenyewe. Watumishi wa umma wanaikumbuka OPRAS, mfumo wa wazi wa tathmini ulioanza mwaka 2004 kuchukua nafasi ya ripoti za siri, na ambao siku hizi umepisha mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Fomu ya OPRAS ilikuwa na alama kuanzia 1, bora kabisa, hadi 5, mbaya kabisa. Sehemu moja ilipima malengo. Nyingine ilipima sifa za mtumishi, kama mahusiano kazini, usikivu, uongozi na uadilifu. Alama ya mwisho ilikuwa wastani wa sehemu hizo mbili.

Mweke Ngosha humo. Malengo apate 4, sifa apate 1. Wastani ni 2.5, na kwenye karatasi anaonekana mtumishi wa juu kidogo ya kawaida. Wastani huo umeficha mambo mawili kwa pamoja: kwamba kazi inachelewa, na kwamba anajua kuishi na watu kuliko wengi. Yeye mwenyewe akiisoma hajui abadilishe nini. Kampuni binafsi inayotumia fomu ya namna hiyo hunasa palepale. Kama fomu inadai wastani, uandike, lakini chini yake weka alama zote mbili na sentensi moja ya maelezo kwa kila alama.

Baada ya fomu, zisome kadi za kazi kabla ya kumwita mtu. Kila kadi ya huduma iliyochelewa itolewe tarehe nne: siku iliyoahidiwa, siku vipuri vilipoagizwa, siku mtambo ulipoingia karakana, na siku ulipotoka. Kikosi cha Ngosha kilisema sababu ni moja tu, vipuri. Kadi zilisema tofauti. Huduma tano zilisubiri vipuri. Mbili zilichelewa kwa sababu idara ya uzalishaji ilikataa kuliachia lori. Tatu zilichelewa kwa kukosa mafundi.

Zile tano za vipuri nazo ziangaliwe tena. Tatu ziliagiziwa vipuri mapema, vikachelewa njiani. Mbili ziliagiziwa vipuri lori likiwa tayari limeingia karakana. Basi kati ya 10, tano hazikuwa mikononi mwake, na tano zilikuwa mikononi mwake. Hapo ndipo haki inapoanzia. Angepimwa kwa zote 10 angeonewa, na angesamehewa zote kwa jina la vipuri, mwenye mtambo ndiye angeonewa.

Sasa tuzitazame zile tatu za kukosa mafundi. Kila mara fundi mmoja au wawili waliruhusiwa kwenda msibani au kuuguza, na hakuna aliyeombwa kutoka zamu nyingine kuziba nafasi. Ngosha alibaki usiku akifanya kazi yao kwa mikono yake. Hapa chanzo cha kupendwa na chanzo cha kuchelewa ni kimoja: hawezi kumwambia mtu hapana, na hataki kumsumbua mkuu wake. Ndiyo maana usiwaulize mafundi kama wanampenda. Waulize mambo yaliyotokea: "Mara ya mwisho ulipokosea, alifanya nini?" "Asipokuwepo siku mbili, kazi huendaje?" Wakisema amewafundisha na kazi inasonga, kupendwa huko ni uongozi. Wakisema kazi husimama mpaka arudi, amewabeba tu.

Kwa ushahidi huo, mahusiano kazini apewe 1 bila kupunguziwa. Lakini uongozi usipewe 1 kwa sababu tu watu wamemsifu, maana kupanga watu na kutoa taarifa mapema ni sehemu ya uongozi. Hapo 3 inamtosha.

Kikao kiwe cha watu wawili, kadi zikiwa mezani. Mkuu aanze na tarehe:

"Ngosha, lori hili liliahidiwa tarehe 12 Machi, likatoka tarehe 15. Kulikuwa na nini?"

"Bosi, vijana wawili walifiwa. Ningewazuiaje?"

"Usingewazuia. Mimi ningewapa ruhusa kama wewe. Lakini nilijua tarehe 12 jioni, mwenye lori akiwa mlangoni. Ungeniambia tarehe 10, ningekuletea mtu wa zamu ya pili."

Hapo hajashutumiwa kwa utu wake. Ameonyeshwa kosa lenyewe, ambalo ni kunyamaza siku mbili.

Kisha yaandikwe makubaliano ya miezi mitatu. Ngosha ataagiza vipuri saa 50 kabla huduma haijafika, na ataarifu upungufu wa watu siku hiyohiyo anapotoa ruhusa. Kati ya huduma 12 zijazo, isizidi moja inayochelewa kwa sababu iliyo mikononi mwake. Mkuu naye aandike lake: atahakikisha filta za kawaida hazikosekani stoo, na atazungumza na idara ya uzalishaji.

Upande huo wa mwajiri una uzito kisheria. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinataka anayeamua kuhusu utendaji hafifu aangalie kama mfanyakazi alikijua kiwango, kama kiwango kilikuwa cha haki, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya kutosha kurekebisha. Mkuu aliyempa sifa tupu kwa miaka mitatu, kisha akamwachisha kazi ghafla mwaka wa nne, atakuwa na mafaili yanayomsuta mwenyewe.

Miezi mitatu ikiisha, kadi zisomwe tena kwa tarehe zilezile nne. Kama zile za mikononi mwake zimeshuka kutoka tano kati ya 24 hadi moja kati ya 12, tatizo lilikuwa taarifa na mpangilio, na limepona. Zikibaki palepale ilhali vipuri vipo na watu wapo, basi Ngosha anafaa zaidi kuwa mkufunzi wa mafundi kuliko kushika ratiba, na aambiwe hivyo waziwazi. Namna ya kumhamisha mtu kwa heshima, bila kumvunjia hadhi mbele ya wenzake, tutaieleza wiki ijayo.